Mifuko 27 Isiyokuwapo: Kuhariri Barua ya Kusahihisha Ankara

Duka la vifaa vya ujenzi mjini Bariadi linaiuzia shule ya msingi ya Kata ya Ngulyati mifuko 150 ya saruji. Bei iliyoandikwa kwenye nukuu ni shilingi 23,600 kwa mfuko. Siku chache baadaye ankara inafika shuleni ikidai shilingi 4,177,200, wakati mifuko 150 kwa bei ile ni shilingi 3,540,000. Muuzaji anaona kosa lake, anatoa ankara nyingine yenye kiasi sahihi, kisha anakaa kuandika barua ya kuomba radhi. Mfano huu nimeutunga ili hesabu zake ziweze kufuatwa hatua kwa hatua, lakini kosa lenyewe halikutungwa. Yeyote aliyewahi kupanga majalada ya ujenzi wa shule au zahanati atalitambua. Nataka kuionyesha barua hiyo inavyohaririwa, kwa sababu naamini wengi huihariri kwa kumfikiria msomaji asiye sahihi.

Tuanze na kosa, maana barua haiwezi kusahihisha kitu ambacho mwandishi wake hajakielewa. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Mfuko mmoja katika mfano wetu una thamani ya shilingi 20,000 kabla ya kodi, na kodi yake ni shilingi 3,600, hivyo bei ya nukuu ya shilingi 23,600 tayari ina kodi ndani yake. Aliyeandaa ankara hakuliona hilo. Alizidisha mifuko 150 kwa 23,600 akapata 3,540,000, akaichukua kama thamani isiyo na kodi, akaikokotolea asilimia 18 ambayo ni 637,200, akajumlisha. Kodi ikawekwa juu ya kodi.

Kinacholifanya kosa hili kuwa gumu kulikamata ni kwamba ankara yake inajumlishika vizuri. Mkaguzi akishika kikokotoo na kupima kama kodi ni asilimia 18 ya thamani iliyoandikwa juu yake, atakuta ni sawasawa kabisa, na jumla nayo haikosei hata shilingi. Ndani ya karatasi ile hakuna kinachogombana na kingine. Kosa linaonekana tu pale ankara inapolazwa mezani kando ya nukuu ya bei na hati ya mapokezi, kisha mtu akauliza kwa nini mfuko wa 23,600 umegeuka kuwa mfuko wa 27,848. Kwa hiyo barua inayosema tu kwamba kulikuwa na kosa la hesabu inampeleka msomaji mahali ambapo hakuna kosa. Atarudia kujumlisha, atakuta ni sawa, na hapo ndipo atakapoanza kuwa na mashaka na barua yenyewe.

Msomaji huyo ni nani? Mwandishi wa barua humfikiria mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu anayemfahamu na pengine wameshazungumza kwa simu. Lakini shule zetu nyingi zinajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo jamii yenyewe kupitia kamati zake hununua vifaa, huvipokea na humsimamia fundi. Kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi zina wajumbe ambao wengi wao ni wakulima wa pamba na mahindi, si wahasibu. Karatasi zao zinaingia kwenye jalada, na jalada hilo litafunguliwa na mhasibu wa halmashauri, na mkaguzi wa ndani, na huenda na timu ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, miezi mingi baada ya saruji kugeuka ukuta. Huyo wa mwisho hakuwapo wakati simu inapigwa. Hamjui mwenye duka wala mwenyekiti. Anachokiona ni ankara mbili za mzigo mmoja, moja imezidi nyingine kwa shilingi 637,200.

Fedha hiyo inatosha kununua mifuko 27 kamili kwa bei ya nukuu. Mtaani ankara iliyozidi bei ya makubaliano ina jina lake: wamepiga cha juu. Hakuna anayefikiria kwanza kwamba karani alikosea VAT. Watu hudhani muuzaji na mjumbe fulani wa kamati walikubaliana kugawana, kisha wakaogopa. Hapa ndipo ninapojenga hoja yangu: barua ya kusahihisha ankara inaandikwa kwa ajili ya msomaji wa tatu asiyekuwapo, na kipimo cha radhi iliyomo ni kama inamwondolea mpokeaji tuhuma ambayo kosa la muuzaji lilimtwisha. Maneno ya upole yasiyofanya kazi hiyo yanamfariji mwandishi peke yake.

Sasa tuangalie rasimu ya kawaida, ya aina inayoandikwa kila siku katika ofisi zetu:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote tunapenda kutoa salamu zetu za dhati na kuwashukuru kwa ushirikiano mnaoendelea kutupatia. Kutokana na changamoto za kimfumo zilizokuwa nje ya uwezo wetu, ankara tuliyowatumia hivi karibuni ilikuwa na dosari ndogo kwenye kiasi. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tafadhali puuzeni ankara ya awali na mtumie ankara mpya iliyoambatanishwa. Ni matumaini yetu kuwa mtatuelewa."

Barua hii ina adabu na haina tusi wala kiburi. Lakini mpe msomaji wetu wa tatu, kisha muulize ankara ipi ilifutwa, ilikuwa ya kiasi gani, ilizidi kwa shilingi ngapi, na kwa nini. Hatakuwa na jibu hata moja. Hakuna tarakimu yoyote katika barua nzima inayohusu fedha. Hilo ndilo la kwanza ninalolitafuta ninapohariri: nazungushia kila tarakimu na kila namba ya hati kwa kalamu, na kama karatasi inabaki nyeupe, najua barua bado haijaandikwa.

Neno la kwanza la kuondoka ni changamoto. Limekuwa blanketi la kufunikia kila kitu, na hapa linafunika jambo ambalo mpokeaji ana haki ya kulijua. Pamoja nalo iondoke nje ya uwezo wetu, kwa sababu si kweli. Mtu aliyeongeza kodi mara mbili alikuwa na nukuu mezani na alikuwa na uwezo wa kuitazama. Kisingizio hicho kina madhara ya kivitendo pia, maana kama kosa lilikuwa nje ya uwezo wa duka, basi ankara zijazo nazo hazina uhakika, na kamati ingefanya vyema kuacha kununua hapo. Sentensi inayosema kwamba bei ya nukuu ilikuwa na VAT ndani yake, na kwamba tuliiongeza tena, inaeleza zaidi kwa maneno machache, na inamwonyesha msomaji mahali pa kutazama ili ahakikishe mwenyewe.

Dosari ndogo nayo ni hukumu ambayo muuzaji hana haki ya kuitoa. Kwa duka linalouza saruji kwa malori, shilingi 637,200 huenda ni ndogo. Kwa shule inayohesabu kila mfuko kabla ya kufika kwenye lenta, hiyo ni sehemu ya jengo. Taja kiasi, kisha mwachie msomaji aamue ukubwa wake. Na usumbufu wowote uliojitokeza ni radhi inayotolewa kwa jambo ambalo mwandishi anajifanya hana hakika kama lilitokea. Usumbufu ulitokea na unaweza kutajwa: kamati ilidaiwa deni ambalo haikuwa nalo, na sasa inalazimika kuhakiki na kusaini karatasi upya. Huo ndio uombewe radhi.

Kosa zito kuliko yote liko kwenye puuzeni. Ankara haipuuzwi. Ikishapokelewa na kugongwa mhuri inakuwa hati, na hati iliyo hai kwenye jalada inaweza kulipwa. Rasimu inaiita moja ya awali na nyingine mpya, maneno ambayo yana maana kwa mtu anayeziona zikifika moja baada ya nyingine, lakini miezi sita baadaye, karatasi zikiwa zimechanganyika, mpya inaweza kusomeka kama ankara ya nyongeza. Mtu asiye na habari akizilipa zote mbili, shule itakuwa imetoa shilingi 7,717,200 kwa mzigo wa 3,540,000. Kwa hiyo kila ankara itajwe kwa namba yake, tarehe yake na kiasi chake, na ankara sahihi yenyewe iandikwe juu yake kwamba inachukua nafasi ya ile iliyofutwa. Barua na ankara zinaweza kutengana, hivyo kila moja iwe na uwezo wa kujieleza peke yake.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kuirudishia ankara sahihi namba ileile ya zamani, ili hesabu za kitabu zisiharibike. Naielewa nia, lakini matokeo yake ni karatasi mbili zenye namba moja na kiasi tofauti, na hapo hakuna barua itakayoweza kusema ipi ni ipi. Ankara sahihi ipewe namba inayofuata kwenye kitabu. Ile iliyokosewa isichanwe. Nakala ya muuzaji ikatwe kwa mistari miwili, iandikwe Imefutwa pamoja na namba ya ile iliyochukua nafasi yake, na ibaki kitabuni. Ya mnunuzi ifanyiwe hivyohivyo na ibaki kwenye jalada lake. Ofisi nyingine huomba irudishwe dukani, jambo ambalo silipendi: rejesta ya shule inaonyesha ankara ilipokelewa, jalada halina ankara, na pengo hilo linazua swali lilelile tulilokuwa tunalikimbia.

Baada ya kazi hiyo barua inakuwa hivi:

"YAH: KUFUTWA KWA ANKARA NA. 0412 YA SHILINGI 4,177,200 NA NAFASI YAKE KUCHUKULIWA NA ANKARA NA. 0419 YA SHILINGI 3,540,000

Ankara yetu Na. 0412 ya tarehe 9 Juni 2025, ya mifuko 150 ya saruji, iliwadai shilingi 4,177,200. Kiasi sahihi ni shilingi 3,540,000. Tuliwazidishia shilingi 637,200.

Kosa ni letu. Bei ya shilingi 23,600 kwa mfuko katika nukuu yetu ya tarehe 2 Juni 2025 ilikuwa na VAT ndani yake, na tulipoandaa ankara tuliongeza VAT mara ya pili. Idadi ya mifuko na bei ya nukuu hazijabadilika.

Ankara Na. 0412 tumeifuta na hamdaiwi chochote kwa hiyo. Tunawaletea ankara Na. 0419 ya tarehe 12 Juni 2025. Tunaomba Na. 0412 ikatwe, iandikwe Imefutwa, na ibaki kwenye jalada pamoja na barua hii. Siku za malipo zihesabiwe upya tangu mtakapopokea Na. 0419. Akaunti yetu ya benki ni ileile.

Tunaiomba radhi kamati kwa kuipelekea deni isilokuwa nalo, na kwa kazi ya kuhakiki mara ya pili."

Kichwa cha habari ni kirefu, nami nimekiacha kiwe kirefu kwa makusudi, kwa sababu mkaguzi anayepekua jalada husoma vichwa. Sentensi ya idadi na bei inaweza kuonekana ya ziada, lakini inamzuia msomaji kudhani kwamba mifuko ilipungua au kwamba bei ilishushwa kwa makubaliano ya pembeni. Na ile ya siku za malipo ni sehemu ya radhi iliyo ya vitendo. Muuzaji ndiye aliyepoteza siku tatu, basi asihesabiwe mnunuzi. Hilo lina uzito wake mwezi Juni, wakati mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 na kila mtu ana haraka ya kumaliza malipo.

Kuna jambo moja ambalo mhariri lazima aliulize kabla ya kuipitisha barua hii: mashine ya EFD ilitoa risiti ya kiasi gani? Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti ya mashine anapouza bidhaa, si pale tu anapopokea fedha. Kama mashine ilisoma 3,540,000 na karatasi ya ankara pekee ndiyo iliyokosewa, barua hiyo inatosha. Lakini kama mashine ilitoa 4,177,200, kiasi hicho kimekwisha kuingia kwenye kumbukumbu yake na kwenye ripoti ya Z ya siku ile, na hakuna barua itakayokifuta. Hapo muuzaji aliyesajiliwa VAT anahitaji hati ya rekebisho, ambayo wahasibu wetu huiita krediti noti, inayotaja ankara ya mwanzo, sababu ya mabadiliko, na kiasi kilichopungua kwa thamani na kwa kodi. Marekebisho yake yanaingia kwenye ritani ya VAT ya mwezi ambao yamefanyika. Ritani ya mwezi huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hivyo kosa la Juni lililosahihishwa Julai linagusa ritani mbili, na tarehe iliyoandikwa kwenye barua ndiyo inayoonyesha mpaka. Karatasi zote hizo zitunzwe kwa miaka mitano.

Hapohapo kwenye krediti noti ndipo hata wahasibu hujikwaa. Kwa kuwa kosa lilikuwa kuongeza VAT mara mbili, na kiasi kilichozidi ni 637,200, mkono unataka kuandika kwamba VAT imepunguzwa kwa 637,200. Si kweli. Ankara iliyokosewa ilionyesha thamani ya 3,540,000 na kodi ya 637,200. Ile sahihi inaonyesha thamani ya 3,000,000 na kodi ya 540,000. Kwa hiyo thamani imepungua kwa 540,000 na kodi imepungua kwa 97,200, na jumla yake ndiyo 637,200. Muuzaji akipunguza kodi yote ya 637,200 kwenye ritani yake atakuwa amedai zaidi ya anachostahili, na kosa la kwanza litakuwa limezaa la pili, safari hii mbele ya TRA. Kwa shule, ambayo hairudishiwi VAT, mgawanyo huu haubadilishi kiasi cha kulipa. Kwa mnunuzi aliyesajiliwa, kwa mfano kiwanda cha kuchambua pamba, unabadilisha kodi anayoruhusiwa kujirudishia.

Najua pingamizi la kwanza litakalokuja, nalo ni la heshima. Usukumani mtu haingii kwa watu akaanza na tarakimu. Asubuhi ina mwangaluka yake, na kuomba radhi bila salamu kunaweza kuonekana kama dharau mpya juu ya kosa la zamani. Nakubali kabisa kwamba heshima hiyo inadaiwa. Ninachobisha ni kwamba mahali pake ni kwenye karatasi. Barua ya namna hii ni vizuri ipelekwe kwa mkono, na anayeipeleka amsalimie mwenyekiti na mwalimu mkuu, akae, aeleze kosa kwa mdomo na kuomba radhi mbele yao. Salamu inayotoka kwa mtu aliyesafiri toka Bariadi mpaka Ngulyati ina uzito ambao salamu zetu za dhati zilizopigwa chapa haziwezi kuufikia. Karatasi ibebe kile ambacho mdomo hauwezi kukibeba mpaka mwaka ujao.

Pingamizi la pili ni kinyume chake: kwa nini barua kabisa, wakati simu au ujumbe wa Watsapu unatosha na ankara zinaweza kubadilishwa kimyakimya? Kwa watu wawili wanaoaminiana, kila mmoja akitumia fedha zake mwenyewe, pengine inatosha. Lakini fedha ya ujenzi wa darasa si ya mwenyekiti. Ankara ikibadilishwa kimyakimya na nakala moja ya ile ya zamani ikabaki mahali fulani, kwenye simu ya mjumbe au kwenye faili la kamati ya mapokezi, yule mwenyekiti aliyekubali kuisitiri aibu ya muuzaji ndiye atakayeulizwa. Ukimya huo unamlinda muuzaji na kumwacha mteja wake wazi.

Pingamizi la tatu huja kutoka kwa wenye maduka wenyewe: ukiandika kosa ni letu, umejipa hatia mwenyewe. Ushahidi tulionao unasema vingine. Ankara ya 4,177,200 tayari iko mikononi mwa mteja ikiwa na jina la duka, namba ya TIN na sahihi. Nukuu ya 23,600 iko hapohapo. Hakuna siri iliyobaki ya kulindwa. Kinachokosekana ni maelezo kwamba muuzaji mwenyewe ndiye aliyegundua na kusahihisha kabla ya kulipwa, na hayo ndiyo yanayotenganisha kosa la karani na jaribio la kupiga cha juu. Muuzaji akiyaficha, anaitupa karatasi pekee inayomtetea. Ni kweli kwamba mipaka ipo. Barua iungame kosa lililofanyika, isitoe ahadi kubwa kwamba halitatokea tena kamwe, maana ahadi hiyo haiwezi kutekelezwa na itasomwa vibaya siku kosa jingine litakapotokea.

Mambo yanakuwa mazito zaidi kama fedha imekwisha kulipwa. Hapo muuzaji hushawishika kuandika kwamba badala ya kurudisha 637,200 ataongeza mifuko 27, na hesabu inamuunga mkono, kwani inagawanyika bila baki. Hata hivyo mifuko hiyo ni ununuzi mwingine ambao kamati haikuuomba, haikuushindanisha na pengine haina mahali pa kuuhifadhi kabla mvua hazijaingia. Saruji iliyolowa haijengi kitu. Barua iandike kwamba fedha inarudishwa kwenye akaunti ya shule, itaje tarehe, na iambatanishe uthibitisho wa benki. Kama kamati inahitaji saruji zaidi, itaagiza kwa utaratibu wake. Na pale kosa linapokuwa la upande mwingine, ankara ikiwa imedai pungufu, barua hubadilika tabia kabisa kwa kuwa sasa inaomba fedha. Nukuu iliyosainiwa ndiyo itakayoibeba, na bila nukuu hiyo muuzaji ajiandae kubeba hasara.

Nimeiacha mwisho ile sentensi fupi kuhusu akaunti ya benki, ambayo wahariri wengi wangeikata. Barua ya kusahihisha ankara ni mojawapo ya njia zinazotumiwa na matapeli: wanatuma ankara iliyorekebishwa inayofanana na ya duka, kiasi kimeshuka kidogo ili mlipaji afurahi, na namba ya akaunti imebadilika. Furaha ya kupunguziwa deni inamfanya mtu asiitazame namba. Kwa hiyo ankara sahihi isibadilishe kitu kingine chochote zaidi ya kile kilichokosewa, na barua iseme waziwazi kwamba akaunti ni ileile. Mhasibu wa shule akipokea rekebisho lenye akaunti mpya, asiipige namba ya simu iliyochapwa kwenye barua hiyo. Afungue jalada, achukue ile iliyo kwenye nukuu ya tarehe 2 Juni, na aipige hiyo kabla hajaandaa hati ya malipo.